Naenda mbele ya jopo kuomba umeneja uzalishaji kiwanda cha alizeti Dodoma: nipangeje ushahidi wangu?

Binti_Kizota

Wakuu habari za leo. Mimi ni kiongozi wa zamu ya mchana kwenye kiwanda cha kukamua alizeti hapa Dodoma. Meneja uzalishaji wetu anastaafu, na mkurugenzi ameamua nafasi ijazwe kutoka ndani. Tumeomba wawili, mimi na mwenzangu wa zamu ya usiku. Wiki ijayo kila mmoja ataingia mbele ya jopo la watu wanne: mkurugenzi, mhasibu, afisa utumishi, na mzee mmoja kutoka nje ambaye amewahi kuendesha viwanda vya mafuta. Nina dakika kumi na tano za kueleza, kisha maswali.

Barua inasema tueleze mambo matatu: matokeo tuliyoleta, namna tulivyokua kikazi, na mipango yetu tukipewa nafasi.

Matokeo yangu makubwa ni haya. Msimu uliopita kila kilo 100 za mbegu zilitupa mafuta kilo 28. Sasa hivi zinatupa kilo 33. Hilo ndilo nataka liwe ukurasa wa kwanza kabisa. Kukua kwangu nimeweka vyeti vya mafunzo, na mipango nimeandika kwamba tununue mtambo wa kusafishia mafuta ili tuache kuuza mafuta ya kuchuja tu.

Naomba mnisomee kama ambavyo jopo lingenisoma. Nafasi hii naitaka kwa moyo wote, nimekaa na zile mashine miaka mingi.

Mzee_Kibaigwa

Binti hongera. Kutoka 28 hadi 33 ni ongezeko la karibu asilimia 18, sema hivyo hivyo, asilimia inavutia kuliko kilo. Halafu weka ulinganisho, maana namba ikisimama peke yake haisemi kitu. Na ulinganisho unao hapo hapo: zamu ya usiku. Onyesha zamu yako inatoa kiasi gani na ya mwenzako kiasi gani. Beba vyeti vyote na barua za pongezi, jopo linapenda kuona karatasi.

Mwl_Kondoa

Samahani wadau, mimi ni mwalimu, nina swali linalofanana na hili. Nina miaka mingi kwenye daraja moja na wenzangu tulioajiriwa pamoja wamepanda. Je, na mimi niandike maelezo ya matokeo ya wanafunzi wangu niwapelekee Tume ya Utumishi wa Walimu ili nipandishwe?

Mhasibu_Nkuhungu

Mwalimu, lako ni jambo jingine. Kwenye utumishi wa umma kupanda kunafuata muundo wa utumishi wa kada yako, tathmini zako kwenye mfumo wa PEPMIS uliokuja baada ya OPRAS, na bajeti ya kupandisha iliyotengwa. Hakuna jopo la kulishawishi kwa maelezo mazuri. Anza na afisa utumishi wa halmashauri yako, hakikisha tathmini zako zimekamilika kwenye mfumo na kumbukumbu zako ziko sawa. Ukifungua uzi wako tutakuja kuchangia.

Dada wa Kizota, swali langu moja. Hizo kilo tano za nyongeza, umezijuaje kwamba ni zako?

Binti_Kizota

Mhasibu, kwa sababu ni mimi niliyegundua kwamba mashine inaacha mafuta mengi kwenye mashudu. Nilikuwa nikishika mashudu yakitoka, nayabana kwenye karatasi, karatasi inalowa mafuta. Nikaandika kwenye daftari la zamu, nikamwomba meneja tusimamishe mashine tufungue. Tukakuta skrubu ya kukamulia imelika. Fundi akaijaza kwa kuchomelea na kuichonga upya. Pia nilianzisha utaratibu wa kupima unyevu wa mbegu na kuzipasha vizuri kabla hazijaingia kwenye mashine. Baada ya hapo ndipo tukafika 33.

Fundi_Singida

Binti, shikamoo yako nimeipokea hata kama hujaitoa. Nimekuwa kwenye hivi viwanda vya alizeti huku Singida tangu vikiwa vichache, na nimekaa upande wa pili wa meza kwenye majopo kama hilo lako. Nikuambie kitu ambacho yule mzee wa nje atakifanya ndani ya dakika mbili, maana mimi ningekifanya.

Atakuuliza mashudu yana mafuta kiasi gani. Unayo hiyo namba ya msimu uliopita na ya sasa?

Binti_Kizota

Shikamoo mzee wangu, nisamehe. Ninayo. Mteja wetu anayenunua mashudu kwa ajili ya chakula cha mifugo huwa anayapima maabara na kutuachia nakala ya cheti. Msimu uliopita yalikuwa yanacheza kwenye asilimia 12 ya mafuta. Sasa yako kwenye 9. Na kwa kila kilo 100 za mbegu, mashudu yalikuwa kilo 62, sasa ni 60.

Fundi_Singida

Marahaba mwanangu. Sasa chukua kalamu twende pamoja.

Mafuta yaliyomo kwenye mbegu yana njia mbili: ama yanatoka kwenye bomba, ama yanabaki kwenye mashudu. Kuna kidogo kinachobaki kwenye tope la chujio, lakini wengi hulirudisha kwenye mashine, kwa hiyo tuliache.

Msimu uliopita mlitoa kilo 28. Kwenye mashudu kilo 62 yenye asilimia 12, kuna mafuta kilo 7 na kidogo. Jumla 35 na kidogo. Hayo ndiyo mafuta yaliyokuwemo kwenye mbegu zenu.

Sasa mnatoa kilo 33. Kwenye mashudu kilo 60 yenye asilimia 9, kuna kilo 5 na kidogo. Jumla 38 na kidogo.

Unaona? Mbegu zenyewe za msimu huu zimekuja na mafuta kilo tatu zaidi. Msimu uliopita huku kanda ya kati mvua zilikatika mapema, alizeti ikajaa makapi. Na kuna wakulima wengi wamehama kutoka mbegu ya Rekodi kwenda mbegu chotara, ambazo kwa kawaida zina mafuta mengi zaidi. Hilo halikufanywa na kiongozi wa zamu yeyote.

Kilicho chako ni zile kilo mbili zilizokuwa zinaondoka na mashudu na sasa haziondoki. Ukisema tano, yule mzee atatoa kikokotoo, na kila utakachosema baada ya hapo kitapimwa kwa mashaka. Ukisema mbili na ukaonyesha umezipataje, hana pa kukushika.

Mzee_Kibaigwa

Fundi, hesabu nimeielewa, lakini huoni unamdhoofisha binti? Mwenzake ataingia aseme tano, yeye aseme mbili. Nani atachukua kazi?

Fundi_Singida

Mzee mwenzangu, mwenzake akisema tano kabla yake, yeye akiingia na kuzigawa tatu na mbili ndiye atakayeonekana anakijua kiwanda. Meneja uzalishaji kazi yake kubwa ni kujua mafuta yamepotelea wapi. Hapo anaifanya hiyo kazi mbele ya macho yao.

Lakini binti, kuna kitu kingine nataka ukitafute. Skrubu ilitengenezwa mwezi gani? Na je, kuna mzigo mmoja wa mbegu, wa sehemu moja, uliokamuliwa nusu kabla ya matengenezo na nusu baada? Kama hesabu yangu ni sahihi, kabla ya matengenezo, kwa mbegu za msimu huu huu, mlikuwa mnatoa kilo 31 hivi.

Shamba_Kongwa

Nikiwa nasubiri jibu naomba nichangie langu. Mimi nilipanda kutoka afisa wa wilaya kuwa mratibu kwenye shirika moja la kilimo huku Kongwa. Nilikuwa na picha nyingi na namba nyingi za wakulima. Swali lililonitoa jasho lilikuwa: "Nani mwingine alichangia?" Nilikuwa nimejiandaa kujisifu, sikujiandaa kugawa sifa. Nikataja mabwana shamba wa kata na wenyeviti wa vikundi, kila mmoja na alichofanya, kisha nikasema kipande kilichokuwa changu. Baadaye mmoja wa jopo aliniambia jibu lile ndilo lililonipa alama nyingi.

Kwa hiyo dada, fundi aliyechomelea skrubu mtaje. Meneja aliyekubali kusimamisha mashine mtaje. Chako kitabaki wazi: wewe ndiye uliyeona, ukaandika, ukasukuma.

Binti_Kizota

Nimerudi kutoka stoo, na mikono inanitetemeka kidogo.

Skrubu ilitengenezwa Agosti. Kuanzia msimu ulipofunguka Mei hadi tulipofungua mashine, kumbukumbu za stoo na hati za mizani zinaonyesha tulikuwa tunatoa 31 kwa 100. Mzee, ni 31 kabisa. Mashudu wakati huo bado yalikuwa kwenye 12.

Na mzigo upo. Tulikuwa na mbegu za Mkalama kwenye ghala moja, tulianza kuzikamua kabla ya matengenezo na tukazimalizia baada. Cheti cha mashudu cha kabla kinasema 11.8. Cha baada kinasema 9.1. Mbegu zile zile, ghala lile lile.

Fundi_Singida

Huo ndio ukurasa wako wa kwanza. Futa 28 na 33 pale juu. Weka mzigo wa Mkalama: mbegu ni ile ile, watu ni wale wale, kilichobadilika ni skrubu na upashaji, mashudu yakashuka kutoka 11.8 hadi 9.1. Chini yake ndipo uweke 28, 31, 33, na useme kwa mdomo wako kwamba ile hatua ya kwanza ni ya mvua na mbegu, na hatua ya pili ni ya matengenezo na utaratibu wa zamu. Beba hati za mizani na vyeti vya maabara, nakala, si lazima kuzigawa. Cheti cha mnunuzi wa mashudu kina nguvu kuliko daftari lako kwa sababu kakiandika mtu asiyekujua.

Sasa jiandae na swali la pili, nalo ni la kiufundi. Skrubu mpya na kubana mashine vizuri kunapunguza mafuta kwenye mashudu, lakini mara nyingi kunapunguza pia mbegu unazokamua kwa saa, mota inavuta umeme zaidi, na ukibana kupita kiasi mafuta yanapata joto na kuwa na rangi nzito. Tani zenu kwa saa zilishuka?

Binti_Kizota

Zilishuka kidogo, mzee. Rangi ya mafuta haijabadilika, wateja hawajalalamika. Umeme umepanda kiasi, ingawa bili ni ya kiwanda kizima kwa hiyo siwezi kusema ni kiasi gani kimetokana na mashine ile.

Lakini hatukuwahi kukosa saa za kukamua. Tunachokosa ni mbegu. Ikifika mwishoni mwa mwaka mashine zinakaa zinasubiri.

Fundi_Singida

Hilo jibu liandike kama lilivyo. Kiwanda kinachokosa mbegu hakihitaji kasi, kinahitaji kila kilo ya mbegu itoe ilicho nacho. Kingekuwa kiwanda chenye mbegu za kumwaga na foleni ya malori getini, kupunguza kasi kungekuwa hasara na hoja yako ingegeuka. Jopo lione kwamba unalijua hilo.

Mhasibu_Nkuhungu

Nami nimpe swali la mhasibu wenu, maana najua tunavyowaza. Atataka shilingi, na atataka shilingi halisi iliyobaki baada ya kutoa vyote.

Tangu Agosti mmekamua tani ngapi?

Binti_Kizota

Tani 900 hivi hadi sasa.

Mhasibu_Nkuhungu

Sawa. Kilo mbili kwa kila 100 ni kilo 20 kwa tani. Mara tani 900 ni kilo 18,000 za mafuta. Lita moja ya mafuta ya alizeti ni pungufu kidogo ya kilo moja, kama 0.92, kwa hiyo ni lita 19,500 na ushee.

Hapa wengi wanaishia, wanazidisha kwa bei na kushangilia. Mhasibu hataishia hapo. Mashudu yenu yamepungua kutoka kilo 620 hadi 600 kwa tani. Hizo kilo 20 mlikuwa mnaziuza kama mashudu! Kwa hiyo toa mauzo ya kilo 18,000 za mashudu ambayo hamkuyapata. Kisha toa gharama ya kuchomelea na kuchonga skrubu, vipuri, na uzalishaji uliosimama siku za matengenezo.

Kwa mfano tu, si bei zenu: kama lita ni shilingi 4,000 na kilo ya mashudu ni shilingi 500, mafuta yanaleta kama milioni 78, mashudu yanapunguza milioni 9, unabaki na 69. Matengenezo yakiwa yamekula milioni 6 na nusu, iliyobaki ni milioni 62 na kitu. Wewe usitumie namba zangu. Nenda kwa mhasibu wenu mapema, mwambie unaomba bei ya wastani ya kiwandani tangu Agosti na jumla ya gharama ya kazi ile. Ukifanya hivyo, siku ya jopo namba zako zitakuwa zimetoka kwake na hatakuwa na sababu ya kuzipinga. Umeme usioweza kuutenga, sema huwezi kuutenga.

Kaka_AreaD

Naona mnambana dada kwenye kilo mbili mpaka anapoteza picha kubwa. Jopo linataka kiongozi, mtu wa maono. Mtambo wa kusafishia mafuta ni wazo zuri sana, ndiyo njia ya kupandisha thamani. Mimi ningeanza na hilo, matokeo yafuate.

Fundi_Singida

Kaka, wazo silikatai. Lakini mtambo huo ni uamuzi wa mkurugenzi na benki yake. Na kiwanda ambacho tayari mashine zinasubiri mbegu mwishoni mwa mwaka, kikiongeza mtambo, ule mtambo nao utasubiri mbegu. Mtu wa jopo atamuuliza: utaulisha nini Novemba? Kama hana jibu, mpango mzima unaanguka, na kuanguka kwake kunavuta na matokeo mazuri aliyoyatanguliza.

Mpango wa meneja mpya uwe wa vitu ambavyo cheo chenyewe kinamruhusu kuvifanya. Msimu unafunguka Mei. Kabla ya hapo kuna nafasi ya kufungua mashine zote na kupima skrubu, badala ya kusubiri Agosti karatasi ilowe. Hapo tu, kama mngefanya matengenezo Aprili, zile kilo mbili mngezipata kuanzia siku ya kwanza. Getini pimeni unyevu wa mbegu kabla ya kununua, maana kununua mbegu mbichi ni kununua maji kwa bei ya alizeti, na zikilala ghalani zinapata joto na kuharibika. Kila zamu ichukue sampuli ya mashudu, zikusanywe ziende maabara kila wiki, isisubiriwe mnunuzi.

Kaka_AreaD

Hayo yote ni kazi za kawaida za meneja. Mkurugenzi atalala usingizi.

Mhasibu_Nkuhungu

Hatalala akionyeshwa tani walizokamua Mei hadi Agosti mara kilo 20. Hiyo ni pesa iliyopita mbele ya pua yake.

Ila kwenye suala la mtambo nipo katikati. Nadhani dada asiufute, auweke mwisho kama swali la kuchunguza: ni tani ngapi za mbegu kwa mwaka zinahitajika ili mtambo ujilipe, na ghala letu linabeba ngapi. Mkurugenzi mwenye ndoto hiyo ataona hajapuuzwa.

Fundi_Singida

Mimi ningeuacha kabisa, wataulizana wenyewe. Binti achague, yeye ndiye anayemjua mkurugenzi wake.

Binti_Kizota

Nitalala nalo hilo. Sasa nisaidieni kwenye kukua. Na hapa nina jambo linalonisumbua. Mzee wa Kibaigwa alisema nilinganishe na zamu ya usiku. Ukweli ni kwamba baada ya matengenezo, mashine ni ile ile lakini usiku mashudu yalikuwa yanatoka kwenye 10.5 na mchana 9. Tofauti ilikuwa upashaji, usiku walikuwa wanaharakisha mbegu. Nilikaa na mwenzangu yule pamoja na vijana wake, nikawaonyesha jinsi ya kusoma kipimajoto na kusubiri. Ndani ya wiki chache na wao wakafika 9. Oktoba nikaenda likizo, zamu zote mbili zikabaki pale pale. Sasa mwenzangu huyo ndiye mshindani wangu.

Shamba_Kongwa

Dada, hiyo ndiyo sura yako ya kukua, vyeti weka nyuma kabisa! Mtu anayeongoza zamu anaweza kuifanya zamu yake iwe nzuri. Anayefaa kuwa meneja ni yule ambaye zamu isiyo yake imebadilika kwa sababu yake, na kazi ikabaki sawa akiwa likizo. Una vyeti vya mashudu vya Oktoba?

Binti_Kizota

Ninavyo viwili vya Oktoba, 9.0 na 9.3.

Mzee_Kibaigwa

Basi aseme waziwazi kwamba usiku ilikuwa 10.5 mpaka alipoingilia. Ni ukweli, na ukweli haumwonei mtu.

Fundi_Singida

Hapa niwe mkali kidogo. Jopo lina mtu wa utumishi. Ukionyesha jedwali lenye zamu ya mshindani wako ikiwa chini, utakuwa umemweka kijana wa watu kizimbani bila yeye kuwepo. Na kuna jambo la haki: wao walikubali kufundishwa na mtu wa cheo sawa na wao, hilo si dogo. Na baada ya jopo mmoja wenu atakuwa bosi wa mwenzake.

Mzee_Kibaigwa

Asiposema 10.5, atathibitishaje kwamba alibadilisha kitu? Wewe mwenyewe umemwambia awe na kabla na baada.

Fundi_Singida

Hapo umenibana kihalali. Namba ya kabla lazima iwepo. Pengine aseme "kiwanda kwa saa 24 kilikuwa na wastani wa karibu 10, baada ya zamu zote mbili kufuata upashaji mmoja kikafika 9". Mwenye akili atajua, na hakuna aliyetajwa.

Shamba_Kongwa

Au azungumze na mwenzake kabla, amwambie atalitaja na atamtaja kwa wema. Mimi ningefanya hivyo.

Mhasibu_Nkuhungu

Kumwambia mshindani hoja yako kabla ya jopo? Hapana. Naungana na wastani wa saa 24.

Binti_Kizota

Nimesoma yote. Hili la mwenzangu sijafikia uamuzi, nitamwona kesho asubuhi tukikabidhiana zamu nione moyo unasemaje. Mengine nimeyaandika upya. Ukurasa wa kwanza sasa unasema hivi:

"Agosti tulikamua mzigo mmoja wa mbegu za Mkalama kabla na baada ya kutengeneza skrubu na kurekebisha upashaji. Mafuta yaliyobaki kwenye mashudu yalishuka kutoka asilimia 11.8 hadi 9.1, kwa vyeti vya mnunuzi. Hiyo ni takriban kilo 20 za mafuta kwa kila tani ya mbegu. Kati ya ongezeko la kilo tano tunaloliona ukilinganisha na msimu uliopita, kilo tatu zimeletwa na mbegu bora, na mbili zimeletwa na kazi hii. Niligundua tatizo na kuliandika kwenye daftari la zamu, meneja aliidhinisha kusimamisha mashine, fundi alijenga skrubu upya, na mimi nilisimamia upashaji hadi ulipokuwa kawaida."

Kwenye mipango nimeanza na matengenezo ya Aprili, kisha kipimo cha unyevu getini, kisha sampuli za kila zamu. Kila moja nimeiwekea gharama na mtu atakayeisimamia. Mtambo nimeuweka mstari mmoja mwishoni, kama alivyosema mhasibu.

Fundi_Singida

Nzuri. Rekebisha kitu kimoja. "Kilo 20 kwa kila tani" umeichukua kwenye wastani wa miezi, na Mkalama ni mzigo mmoja. Vitenganishe kwa sentensi mbili, la sivyo mzee atauliza mbona 11.8 kwenda 9.1 haileti 20 kamili. Na chapisha nakala tano, umeme ukikatika projekta haitakusaidia.

Kwenye unyevu getini jiandae na swali moja ambalo mimi mwenyewe sijawahi kulipatia jibu la kuniridhisha. Ukimkata bei mkulima kwa sababu ya unyevu, na kiwanda jirani hakipimi, atapeleka mbegu huko. Utafanyaje?

Binti_Kizota

Nilifikiria tumlipe bei ya juu kidogo mwenye mbegu kavu badala ya kumkata mwenye mbichi. Lakini sijui kama mkurugenzi atakubali kutoa pesa hiyo Mei wakati anahitaji fedha ya kununulia mzigo.

Mhasibu_Nkuhungu

Mpelekee mhasibu wenu hilo pamoja na lile la bei. Muulize Mei huwa mnabakiwa na fedha kiasi gani baada ya wiki ya kwanza ya manunuzi.

Binti_Kizota

Naenda ofisini kwake sasa hivi kabla hajatoka.